Milioni 27 Ndani ya Sefu

Jumapili ya mwisho wa Ramadhani, Kariakoo hailali mapema. Wateja wa sikukuu wanamiminika hadi usiku, na mwenye duka la jumla la mchele, sukari na mafuta ya kula anafunga mlango akiwa amechoka lakini ameridhika. Anahesabu fedha na msaidizi wake mezani. Za Ijumaa alasiri, zilizoingia baada ya safari ya mwisho ya benki, ni milioni 5. Za Jumamosi ni milioni 12 na laki 6. Za Jumapili ni milioni 9 na laki 8. Jumla ni shilingi milioni 27 na laki 4. Noti yetu kubwa kabisa ni ya 10,000, kwa hiyo hata kama zote zingekuwa noti hizo tu, zingekuwa vibunda 27 vya noti mia mia na chenji juu yake. Lakini wateja wa sukari hulipa pia kwa elfu tano, elfu mbili na elfu moja, kwa hiyo sefu inajaa hadi mlango unasukumwa kwa goti. Laki 6 na elfu 20 zinabaki kwenye droo ya kaunta kwa ajili ya chenji.

Jumatatu na Jumanne ni Idi. Benki zimefungwa, duka limefungwa, mtaa umetulia. Jumatano asubuhi msaidizi anafungua na kuona anga kupitia tundu la bati. Sefu imechanwa ubavuni kwa grenda. Droo iko sakafuni.

Duka hili nimelitunga, na tarakimu zake ni zangu, lakini hakuna kitu ndani yake ambacho hakitokei. Nimelitunga kwa sababu mwenye duka wetu ana bima ya fedha. Ameilipia kwa miaka mitatu bila kudai hata senti. Anapopiga simu Jumatano ile anaamini atarudishiwa fedha zake, na swali langu ni kwamba atarudishiwa kiasi gani na kwa nini.

Bima ya fedha mara nyingi huuzwa pamoja na bima ya moto na ya wizi wa kuvunja, lakini ni mkataba wa namna yake. Bima ya wizi wa kuvunja inaangalia mali iliyomo dukani, yaani mchele, mizani na friji, na kwa kawaida inaacha fedha taslimu nje. Fedha zina mkataba wao kwa sababu zinahama kila siku, hazina alama ya mwenyewe, na mwizi hahitaji kumtafutia mnunuzi. Kwa hiyo kampuni ya bima haiulizi tu una fedha kiasi gani. Inauliza ziko wapi, saa ngapi, na mikononi mwa nani. Kila jibu lina kiwango chake, na viwango hivyo vimeandikwa katika ukurasa mmoja wa mkataba uitwao jedwali.

Jedwali la mwenye duka wetu linasema hivi. Fedha zikiwa njiani kati ya duka na benki, kampuni italipa hadi milioni 20 kwa tukio moja. Zikiwa dukani saa za kazi, hadi milioni 10. Zikiwa ndani ya sefu iliyofungwa baada ya saa za kazi, hadi milioni 15. Zikiwa dukani nje ya sefu baada ya saa za kazi, hadi laki 3. Kuna pia kiasi kidogo kwa fedha zilizolala nyumbani kwa mwenye duka, na kingine cha kutengeneza au kununua sefu ikiharibiwa na wezi. Chini kabisa, kwa herufi ndogo, imeandikwa kwamba mwenye bima atabeba mwenyewe asilimia 10 ya kila dai, isipungue laki 5.

Sasa tufanye hesabu. Kwenye sefu zimeibwa milioni 27.4, lakini kikomo ni milioni 15, basi zinahesabiwa 15. Kwenye droo zimeibwa 620,000, kikomo ni laki 3, basi zinahesabiwa laki 3. Dai linalokubalika ni shilingi 15,300,000. Asilimia 10 yake ni 1,530,000, na hiyo inatolewa. Hundi itakayoandikwa ni ya shilingi 13,770,000. Hasara yote ilikuwa 28,020,000. Mwenye duka amepoteza 14,250,000 kutoka mfukoni mwake, zaidi ya nusu, na hakuna aliyemdhulumu. Alinunua kikomo cha milioni 15 kwa sababu siku aliyojaza fomu ya maombi aliulizwa kwa kawaida sefu inalala na fedha kiasi gani, naye akataja usiku wa kawaida.

Kuna jambo dogo hapa ambalo linaweza kumwokoa mtu fedha nyingi akiliuliza kabla. Ile asilimia 10 inatolewa kwenye nini? Ikitolewa kwenye hasara nzima kwanza, ndipo kikomo kifuate, mwenye duka angebaki na dai la milioni 25 na ushei, ambalo bado limepita vikomo, naye angelipwa 15,300,000 kamili. Ikitolewa baada ya kikomo, anapata 13,770,000. Maneno ya mikataba hutofautiana, na tofauti hiyo ya milioni moja na nusu imekaa katika sentensi moja. Mwombe dalali wako wa bima akuonyeshe sentensi hiyo kwa kidole.

Hata hivyo, mwenye duka huyu ana bahati kuliko anavyodhani, kwa sababu kilichomkata ni kikomo tu. Kikomo kinapunguza malipo. Katika mkataba huohuo kuna kitu kingine, sharti, na sharti likivunjwa malipo yanaweza kufutika yote. Watu wengi wanaonung'unika kwamba kampuni za bima hazilipi walijali kikomo wakasahau sharti. Kikomo ni tarakimu, kinaonekana. Sharti ni sentensi, nayo inasomwa na wachache.

Chukua ufunguo. Karibu kila mkataba wa bima ya fedha unasema kwamba kampuni haitalipa fedha zilizoibwa kwenye sefu iliyofunguliwa kwa ufunguo wake, au kwa ufunguo wa kuchonga, kama ufunguo huo uliachwa ndani ya duka baada ya saa za kazi. Isipokuwa tu pale ambapo ufunguo ulichukuliwa kwa nguvu au kwa vitisho. Hebu rudia Jumatano ile, lakini badala ya sefu iliyochanwa, msaidizi anakuta sefu imefunguliwa vizuri, mlango wazi, kitasa hakina mkwaruzo. Wezi walishuka kupitia darini, wakavuta droo ya pili ya meza, wakaukuta ufunguo chini ya kitabu cha risiti. Tundu la bati lipo, wizi ni wa kweli, polisi wameandika taarifa. Malipo kwa fedha za sefu ni sifuri.

Mkadiriaji hasara anayetumwa na kampuni huanzia hapo. Kabla hajauliza fedha ni kiasi gani, anapiga magoti mbele ya sefu. Anaangalia kama chuma kimekatwa, kama bawaba zimepinda, kama kitasa kimetobolewa. Akiona ni safi, swali lake la kwanza kwa kila mtu, mmoja mmoja, ni kwamba ufunguo ulilala wapi. Na atauliza swali la pili ambalo wengi hawalitarajii: ufunguo wa akiba uko wapi? Sefu nyingi huuzwa na funguo mbili. Wa kwanza mwenye duka anatembea nao, na wa pili umetupwa kabatini siku sefu iliponunuliwa, umesahaulika na kila mtu isipokuwa yule anayeukumbuka. Kwa sefu ya namba ni vilevile: namba zilizoandikwa kwa penseli nyuma ya kalenda ya ukutani ni ufunguo ulioachwa dukani.

Ufunguo wa akiba unapaswa kulala mbali na duka, nyumbani au mahali pengine palipo salama. Na ikiwa majambazi watamfuata mwenye duka nyumbani usiku wakamtisha kwa silaha hadi akautoa, hapo mkataba unamlinda, kwa sababu ufunguo umechukuliwa kwa vitisho. Naliweka hili wazi kwa sababu nimewahi kumsikia mtu akisema afadhali auache ufunguo dukani ili majambazi wasije kumdhuru nyumbani. Hofu yake naielewa na siicheki. Lakini anayeogopa hivyo ana njia nyingine: apunguze fedha zinazolala, ili asiwe na cha kufuatwa.

Sefu yenyewe nayo ni sharti. Mkataba unaposema sefu, haumaanishi sanduku lolote la chuma lenye kitasa. Madukani mwetu zimejaa sefu za kuzuia moto, nazo ni nzuri kwa kazi yake: kati ya bati la nje na la ndani kuna kijazio kinachotoa unyevu kikipata joto, ili hati na vitabu visiungue. Ni nzito na zinavutia machoni, lakini bati lake la nje linaweza kuwa jembamba, na grenda hulipita bila shida. Sefu ya kuzuia wizi hujengwa kwa namna nyingine na hupimwa kwa kushambuliwa na wataalamu wenye zana, wakihesabu muda na ugumu wa kuipenya. Kiwango cha Ulaya kinachotumika kwa kazi hiyo ni EN 1143-1, na kwa kawaida sefu iliyopimwa ina kibao ndani ya mlango kinachotaja kiwango na daraja lake. Kampuni za bima huangalia daraja hilo kuamua sefu yako inaweza kulala na kiasi gani. Kama kibao hakipo, mkaguzi wa kampuni atakadiria kwa macho, na makadirio yake huwa ya chini.

Halafu kuna kufunga sefu sakafuni. Sefu iliyo chini ya tani moja wezi hawana haja ya kuikata dukani. Wanaiondoa, wanaipakia kwenye gari, na wanaifungua porini kwa nafasi yao. Ndiyo maana kiwango hichohicho cha Ulaya kinataka sefu ya chini ya kilo 1,000 iwe na matundu ya kuifungia kwa bolti kwenye zege, na kampuni nyingi za bima zinataka bolti hizo ziwe zimefungwa kweli. Matundu yenyewe mara nyingi yapo chini ya sefu tangu ilipotoka kiwandani, ila bolti ziko bado kwenye mfuko wa plastiki, kwa sababu siku ile fundi hakuja.

Tuseme sasa ufunguo ulikuwa salama na sefu ilikuwa imara. Linabaki swali ambalo ndilo gumu kuliko yote: unathibitishaje kwamba ndani mlikuwa na milioni 27.4? Aliyezichukua hakuacha risiti. Mkataba unalijua hilo, na ndiyo maana una sharti kwamba mwenye bima aandike kumbukumbu kamili ya fedha zilizo kwenye sefu na zilizo njiani, na kwamba kumbukumbu hiyo iwekwe mahali salama pasipo ndani ya sefu. Maneno hayo ya mwisho yana sababu yake. Daftari likiwa ndani ya sefu, linaondoka na fedha.

Mkadiriaji atafanya hesabu ya kurudi nyuma. Ataanza na stakabadhi ya mwisho ya benki, ya Ijumaa mchana. Atajumlisha mauzo ya tangu hapo kwa kutumia ripoti Z za mashine ya EFD, zile zinazofunga mauzo ya kila siku. Atatoa mauzo yaliyolipwa kwa simu au kwa akaunti, kwa sababu hayo hayakuingia kwenye sefu. Atatoa malipo yaliyotoka kwa taslimu: vibarua, mafuta ya gari, mkulima aliyeleta mchele Jumamosi. Kinachobaki ndicho kilichopaswa kuwa ndani. Kikilingana na daftari la mwenye duka, kazi imekwisha.

Na hapa ndipo wengi wanakwama, kwa jambo wasilotaka kulisema kwa sauti. Mtu ambaye kwa mwaka mzima amekuwa akiuza bila kutoa risiti ili kodi ipungue anaibiwa milioni 27, lakini ripoti zake za siku tatu zinaonyesha mauzo ya milioni 9. Anamwambia mkadiriaji kwamba zile nyingine zilikuwepo ila hazikuandikwa. Mkadiriaji anaweza hata kumwamini moyoni, lakini hawezi kuandika imani yake kwenye ripoti. Atakubali milioni 9. Tena, tofauti kubwa kati ya dai na vitabu inazaa shaka ya udanganyifu, na udanganyifu katika dai ni jambo ambalo mikataba hulijibu kwa kukataa dai zima, pamoja na ile sehemu iliyokuwa ya kweli. Risiti ambayo hakutaka kuikata Jumamosi ndiyo ingekuwa shahidi wake Jumatano.

Tutoke sasa kwenye sefu, tuzifuate fedha barabarani.

Turudi wiki mbili nyuma, kabla ya Idi. Ni Jumatatu saa nne asubuhi. Duka lina milioni 18 za mwisho wa wiki. Mhasibu anaziweka kwenye mkoba wa mgongoni wa kijana wa duka, kijana mwaminifu, wa miaka sita kazini. Anamwambia, "Mdogo wangu, wahi kabla foleni haijawa ndefu." Kijana anapanda bodaboda. Kwenye mataa, pikipiki nyingine yenye watu wawili inasogea karibu, mkoba unakatwa kamba, wametoweka.

Kikomo cha fedha njiani, unakumbuka, ni milioni 20. Zimeibwa 18. Mwenye duka anajiona yuko ndani ya kikomo, na kwa tarakimu yuko ndani. Lakini chini ya kikomo hicho mkataba wake una sharti la wasindikizaji. Hadi milioni 5, anaweza kubeba mtu mzima mmoja. Kuanzia hapo hadi milioni 10, lazima wawe watu wazima wawili, waajiriwa wa duka. Kupita milioni 10, lazima wawe wawili ndani ya gari lililofungwa milango, si kwa miguu wala kwa pikipiki. Na kupita milioni 20 lazima awepo askari mwenye silaha au kampuni ya ulinzi. Ngazi hizi nimezitunga kwa duka hili na kila kampuni ina zake, lakini mfumo wa kupanda ngazi ndio huo.

Milioni 18 kwenye bodaboda na mtu mmoja ni kuvunja sharti. Mwenye duka atasema, "Basi nilipeni milioni 5 zile ambazo mtu mmoja anaruhusiwa kubeba." Ni ombi la haki machoni pa mtu wa kawaida, na baadhi ya kampuni huweza kulipa kitu kwa hiari yao ili kulinda uhusiano. Lakini kwa maneno ya mkataba, fedha zile milioni 18 zilikuwa mzigo mmoja, na mzigo huo haukusafirishwa kwa namna iliyokubaliwa. Katika kanuni ya kale ya bima ya Kiingereza, ambako maneno ya mikataba yetu yametoka, ahadi ya namna hiyo ikivunjwa kampuni huwa huru, hata kama uvunjaji haukusababisha hasara. Waingereza wenyewe waliilegeza kanuni hiyo kwa Sheria yao ya Bima ya mwaka 2015. Mwenye duka wa Kariakoo asijenge ulinzi wake juu ya kulegeza kwa watu wengine.

Kitu ambacho angeweza kufanya ni halali na ni rahisi: kutuma mara kwa mara. Milioni 5 saa tatu, kijana akarudi na stakabadhi, milioni 5 nyingine saa tano. Kila safari ni mzigo wake. Lakini kugawa lazima kuwe kugawa kweli. Mikoba miwili kwenye pikipiki moja, au vijana wawili waliopanda daladala moja, kila mmoja na milioni 5, mkadiriaji atauita mzigo mmoja wa milioni 10.

Safari yenyewe ina mwanzo na mwisho. Inaanza fedha zinapotoka dukani mikononi mwa mtu aliyeidhinishwa, na inaisha anapozikabidhi dirishani benki. Katikati yake inapaswa kuwa safari ya moja kwa moja. Akipita kwa shangazi kusalimia, akisimama kula chapati, akilala nazo kwa sababu foleni ilikuwa ndefu na benki ikafunga, kampuni ina haki ya kuuliza kama bado alikuwa njiani. Na kuna jambo moja ambalo mikataba hulitaja waziwazi: fedha zilizoachwa kwenye gari lisilo na mtu hazilipwi. Hata kwa dakika mbili, hata gari likiwa limefungwa, hata likiwa limeegeshwa mbele ya mlinzi wa benki. Dereva na mhasibu wanaoshuka pamoja kwenda kununua maji wameiacha bima yao ndani ya gari na mkoba.

Sharti la kubadilisha saa na njia linaonekana dogo, lakini ndilo linalookoa watu. Kijana anayeondoka kila Jumatatu saa nne kwa njia ileile anajulikana na muuza kahawa, na muuza kahawa si mtu pekee anayetazama. Na nasema hili kwa uzito: lile sharti la watu wawili halikuandikwa ili wapigane. Yeyote anayebeba fedha za duka anapaswa kuambiwa na mwajiri wake, kwa maneno, kwamba akionyeshwa silaha atoe mkoba. Mikataba mingi ina kipengele cha fidia kwa mbebaji aliyeumizwa au kuuawa na majambazi. Fidia hiyo ni ndogo na haimrudishi mtu, lakini ipo, na ni haki ya familia yake kujua kwamba ipo.

Anayetumia kampuni ya kusafirisha fedha asome mkataba wa kampuni hiyo, si wa bima yake peke yake. Bima nyingi za duka hukoma pale fedha zinapoingia mikononi mwa wasafirishaji hao, kwa kuwa wao wana bima yao. Lakini wao nao wana kikomo cha dhima kwa kila gunia lenye lakiri, na wanalipa kiasi kilichoandikwa kwenye hati ya makabidhiano. Ukiandika milioni 10 ili kupunguza gharama, umekabidhi milioni 10.

Wizi wa ndani nitaupitia haraka kwa kuwa una bima yake. Kijana yuleyule akitoweka na mkoba badala ya kuporwa, bima ya fedha kwa kawaida hailipi, au inalipa tu wizi huo ukigunduliwa ndani ya siku chache zilizotajwa. Kinacholinda hapo ni bima ya uaminifu wa wafanyakazi. Upungufu wa hesabu, noti bandia na chenji iliyozidishwa havilipwi na yoyote kati ya hizo mbili kwa mkataba wa kawaida. Na mawakala wa fedha za simu wajue kwamba maana ya fedha katika mikataba hii ni noti, sarafu, hundi na vitu vya namna hiyo vinavyoshikika. Noti za droo ya wakala zinaweza kukatiwa bima. Salio lililo kwenye laini ya simu, likihamishwa na tapeli, si fedha kwa maana hiyo, mpaka liandikwe waziwazi.

Upande wa safari una hesabu nyingine ambayo hukumbukwa mwisho wa mwaka. Ada yake hutozwa kwa makadirio ya fedha zote zitakazobebwa katika mwaka mzima. Duka letu linapeleka wastani wa milioni 8 kwa siku, siku 300, yaani bilioni 2.4. Kwa urahisi wa hesabu tuseme kiwango ni shilingi moja kwa kila elfu: ada ni milioni 2.4, na kodi juu yake. Mwaka ukiisha mwenye duka anatakiwa kutoa taarifa ya fedha zilizobebwa kweli. Zikiwa bilioni 2.9, anaongeza laki 5. Zikipungua, anaweza kurudishiwa sehemu. Wengi hutaja nusu ili ada iwe nyepesi, na hakuna anayewauliza, mpaka siku ya dai, mkadiriaji anapofungua taarifa za benki na kukuta bilioni 2.4 pale ambapo fomu inasema bilioni 1.2. Mikataba mingine hupunguza malipo kwa uwiano huohuo. Mingine huichukulia fomu yote kuwa haikusema kweli.

Basi mwenye duka wetu angefanyaje? Kikomo cha sefu hakihesabiwi kwa usiku wa kawaida. Angefungua daftari lake la mwaka uliopita na kutafuta usiku tano ambazo sefu ililala na fedha nyingi kuliko zote. Karibu zote zingekuwa kabla ya Idi, Krismasi, Mwaka Mpya na Pasaka, siku benki zinapofungwa mfululizo. Hapo ana njia mbili. Anaweza kununua kikomo cha milioni 30 kwa mwaka mzima na kukilipia hata usiku wa Februari ambao sefu ina milioni 6. Au anabaki na milioni 15 na kuomba nyongeza ya mkataba kwa siku maalumu. Baadhi ya kampuni huandika nyongeza ya sikukuu ndani ya mkataba tangu mwanzo. Nyingine zinataka uombe kila mara.

Nyongeza hiyo inaombwa kabla, kwa maandishi, nayo inajibiwa kwa maandishi yanayotaja tarehe mbili, ya kuanza na ya kuisha, na kiasi. Sauti ya dalali kwenye simu ikisema "usijali, kaka, tutaliweka sawa" si nyongeza. Ada yake ilipwe kabla ya usiku wa kwanza, kwa sababu bima isiyolipiwa haijaanza. Na kampuni inaweza kukubali milioni 25 badala ya 30 kwa kuwa sefu yenyewe haistahili zaidi, na hilo nalo ni jibu la maana: linamwambia kwamba zile nyingine zitoke Jumamosi asubuhi, kabla tawi la benki halijafunga, watu wawili, ndani ya gari.

Kama Jumatano imeshafika na tundu la bati liko juu ya kichwa, cha kwanza ni kutogusa kitu. Polisi waje, namba ya RB ipatikane, kampuni ya bima iarifiwe siku hiyohiyo hata kabla hesabu haijakamilika. Fundi wa bati asubiri mpaka picha zipigwe. Sefu iliyochanwa isiuzwe kwa wanunuzi wa chuma chakavu, kwa kuwa ule mkato wa grenda ubavuni ndio unaoonyesha kwamba ufunguo haukutumika. Baadaye kampuni ikikataa kulipa kwa sababu isiyoeleweka, aombe sababu hiyo kwa barua, ikitaja kipengele. Barua hiyo ndiyo ataipeleka kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, ambaye ofisi yake ipo kwa mujibu wa Sheria ya Bima ya mwaka 2009, pamoja na daftari lake, ripoti zake za Z na stakabadhi ile ya Ijumaa mchana.